Mwaliko wa warsha: zahanati itabaki na nani?

Chukua barua kama hii, ambayo mhudumu wa afya yeyote wa Kaunti ya Homa Bay ataitambua hata kama hajawahi kuisoma neno kwa neno: "Unaarifiwa kwamba kutakuwa na warsha ya siku moja kuhusu uboreshaji wa takwimu. Unatakiwa kuhudhuria bila kukosa na kuzingatia saa. Tafadhali lichukulie jambo hili kwa uzito." Chini kuna sahihi na muhuri wa zambarau. Aliyeiandika anaona amemaliza kazi. Aliyeipokea, tuseme muuguzi wa zahanati moja huko Kabuoch, ndiyo kwanza anaanza yake. Warsha yenyewe ni mahali gani? Itaisha saa ngapi? Nauli inatoka mfukoni mwake au ofisini? Aende na nini? Na la kwanza kabisa, ambalo barua haikuligusa: akiondoka, nani atabaki na wagonjwa?

Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha mwaliko mzuri na mbaya katika eneo kama Ndhiwa. Hospitali ya kaunti ndogo ina watumishi wa kupokezana zamu, lakini zahanati ya kijijini inaweza kuwa na wauguzi wawili tu, na mmoja akiwa likizo anabaki mmoja. Barua inayomwita huyo mmoja bila kusema lolote kuhusu kituo chake inamwambia, bila kukusudia, achague kati ya kutii ofisi na kuwahudumia akina mama waliotembea tangu alfajiri. Hakuna neno "karibu sana" litakaloifuta hali hiyo. Ukarimu wa barua rasmi hauko kwenye maneno matamu. Uko kwenye kuonyesha kwamba mwandishi anaijua siku ya kazi ya yule anayemwandikia.

Watumishi wa hapa wamezoea kualikwa. Mwaka 2012 uchunguzi wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Ndhiwa alikuwa akiishi na virusi vya ukimwi, na tangu hapo miradi, wafadhili na mafunzo vimepita kwa wingi. Mtu anayepokea mialiko mingi huisoma haraka, akitafuta mambo mawili matatu. Asipoyaona, barua inawekwa kando, au inapigwa picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp na swali: "Hii ni ya kina nani?"

Tuiandike upya barua ile, hatua kwa hatua, tukichukulia kwamba anayealika ni ofisi ya afya ya kaunti ndogo na wanaoalikwa ni wauguzi wa zahanati na vituo vya afya. Mfano huu ni wa kubuni, lakini kazi inayofundishwa ni ya kweli.

Kabla ya kuandika, mada ipunguzwe. "Uboreshaji wa takwimu" haimwambii mtu kitu. Tatizo lenyewe huwa ni dogo na linaelezeka: katika kliniki ya wajawazito kila mama huandikwa kwenye sajili ya MOH 405, na mwisho wa mwezi muuguzi huhesabu kutoka humo na kujaza muhtasari, fomu ya MOH 711. Muhtasari huo unataka akina mama waliokuja kwa mara ya kwanza watenganishwe na wanaorudi. Hapo ndipo hesabu huteleza. Mama aliyeanza kliniki kwingine akahamia kwako anahesabiwa kama mgeni, au aliyepotea miezi miwili akarudi anaanzishiwa mstari mpya. Basi lengo la warsha linaweza kuandikwa kwa sentensi moja: kufikia jioni, kila mshiriki aweze kuhesabu kutoka sajili ya MOH 405 hadi fomu ya MOH 711 bila kuwachanganya wageni na wanaorudi. Muuguzi akisoma hivyo anajua papo hapo kama jambo linamhusu. Na mwandalizi naye amejifunga: hawezi tena kuleta hotuba za asubuhi nzima.

Kisha tarehe. Wengi huchagua siku ambayo ukumbi uko wazi, halafu wanashangaa watu hawaji. Vituo vya afya vya Kenya hutakiwa kuwasilisha ripoti za mwezi uliopita kufikia tarehe 5, na ofisi ya kaunti ndogo huziingiza kwenye mfumo wa KHIS kufikia tarehe 15. Warsha kuhusu ripoti ikiwekwa tarehe 3 itawatoa watu mezani wakati uleule wanapoziandika. Ikiwekwa baada ya tarehe 15, kila mtu ana ripoti ya karibuni mkononi na presha imeshuka. Siku ya Jumamosi pia iachwe. Waadventista Wasabato wana mizizi ya zaidi ya karne moja katika Nyanza Kusini, tangu misheni ya Gendia ilipoanzishwa karibu na Kendu Bay mwaka 1906, na mwaliko wa Jumamosi unawafungia mlango watumishi wengi bila barua kusema hivyo. Mvua ina usemi wake pia. Barabara kuu ya Rodi Kopany kwenda Ndhiwa na Sori si kikwazo, ila njia za ndani zenye udongo mweusi wa mfinyanzi huwa mtihani wakati wa masika na wa vuli, na pikipiki inayochukua nusu saa siku kavu inaweza kuchukua mara mbili yake.

Swali la nani atabaki linajibiwa kwa mpango, kisha barua inautangaza. Njia rahisi ni kufanya warsha ileile siku mbili mfululizo kwa makundi mawili, ili kila kituo kitoe mtu mmoja kila siku na mwingine abaki. Gharama ya ukumbi inaongezeka, ndiyo, lakini idadi ya milo na nauli haibadiliki, kwa kuwa jumla ya watu ni ileile. Kituo chenye muuguzi mmoja pekee kinahitaji jibu lake: ofisi itume mtu wa kushika zamu, au mwezeshaji amfuate huko huko siku nyingine. Kinachokatazwa ni kunyamaza.

Barua yenyewe sasa inaweza kuwa hivi:

Ofisi ya Afya, Kaunti Ndogo ya Ndhiwa
S.L.P. ____
27 Oktoba 2026

Kwa Bi./Bw. ____, Muuguzi
Zahanati ya ____

Kupitia kwa: Mkuu wa Kituo

KUH: MWALIKO WA WARSHA YA KUJAZA FOMU YA MOH 711, TAREHE 18 AU 19 NOVEMBA 2026

Tunakualika kwenye warsha ya siku moja kuhusu kuhesabu wageni na wanaorudi katika kliniki ya wajawazito. Tumekualika wewe kwa sababu ndiwe unayejaza sajili ya MOH 405 katika kituo chako, na tungependa kujifunza kutokana na namna unavyofanya kazi hiyo.

Warsha itarudiwa siku mbili ili kituo kisifungwe. Chagua Jumatano tarehe 18 au Alhamisi tarehe 19 Novemba. Mwenzako atahudhuria siku nyingine. Ikiwa wewe ndiye muuguzi pekee kituoni, tupigie simu kabla ya tarehe 9 Novemba ili tupange mtu wa kushika zamu yako.

Mahali ni ukumbi wa ____, mjini Ndhiwa, hatua chache kutoka ____. Chai itakuwa tayari saa mbili asubuhi. Kazi inaanza saa mbili na nusu na kumalizika saa tisa na nusu alasiri, ili wanaokwenda mbali wafike kungali na mwanga.

Njoo na nakala za fomu za MOH 711 za Agosti, Septemba na Oktoba. Tafadhali usibebe sajili yenyewe, kwa kuwa ina majina ya wateja na inahitajika kituoni. Ukiwa na swali lililokutatiza mwezi huu, liandike kwenye karatasi bila jina la mama.

Chai na chakula cha mchana vitatolewa. Nauli ya kwenda na kurudi italipwa siku hiyohiyo kwa M-Pesa, kwa viwango vya wadi vilivyoambatishwa. Warsha hii haina posho nyingine. Hakuna malazi, kwa kuwa ni ya siku moja.

Warsha ni sehemu ya kazi na siku hiyo itahesabiwa kama siku ya zamu. Tunaomba ubaki hadi mwisho, kwa sababu zoezi la kulinganisha hesabu liko mchana.

Tafadhali thibitisha kufikia Jumatatu tarehe 9 Novemba kwa Bi. ____, simu ____, ukitaja siku uliyochagua, namba ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lako ili malipo yasikwame, chakula usichokula, na kama utakuja na mtoto anayenyonya au unahitaji msaada wowote wa kuingia ukumbini.

Karibu.

Wako mwaminifu,
____
Msimamizi wa Afya, Kaunti Ndogo ya Ndhiwa

Nakala: Wakuu wa vituo vyote vinavyohusika

Mambo kadhaa humo yanahitaji maelezo, kwa sababu ndipo waandishi wengi hukwama.

Mstari wa "Kupitia kwa: Mkuu wa Kituo" haupo kwa ajili ya adabu ya ofisi peke yake. Mkuu wa kituo ndiye anayepanga ratiba ya zamu. Barua ikimfikia muuguzi moja kwa moja, mkuu atasikia habari siku mtu anapoaga, na ugomvi utakaofuata utaangukia anayeaga. Ikipitia kwake anakuwa mwenzako katika mpango. Ndiyo maana barua imeandikwa wiki tatu kabla: ratiba ya Novemba bado inaweza kurekebishwa.

Saa zimeandikwa kwa maneno makusudi. Mtu anayefikiri kwa saa za Kiswahili na kuandika kwa tarakimu za simu huishia na "saa 8:30", na hapo msomaji hajui kama anatakiwa saa mbili na nusu asubuhi au saa nane na nusu mchana. Andika "saa mbili na nusu asubuhi" na mjadala umekwisha. Vilevile saa ya kumaliza isiachwe. Mtu anayerudi Kanyamwa kwa pikipiki huamua kuja au kutokuja kwa kuangalia saa ya kutoka zaidi ya ile ya kuingia, na asipoijua atajipangia mwenyewe, kwa kawaida mara tu baada ya chakula cha mchana. Huko ndiko zoezi lako muhimu linakofia.

Kuhusu sajili, barua inatoa sababu mbili kwa sentensi moja. Ya pili ni ya kazi tu: sajili ikisafiri, muuguzi aliyebaki hana pa kuandika. Ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti, na daftari lenye majina ya akina mama, umri wao na majibu ya vipimo halipaswi kupita kwenye begi la matatu. Fomu ya MOH 711 haina majina, ina idadi tu, kwa hiyo nakala yake inatosha kabisa kwa zoezi. Hapa ndipo "njoo na takwimu zako" ya barua za zamani ilikuwa ya hatari: mtu mtiifu angekuja na daftari zima.

Fedha. Hili huwafanya waandishi wa barua kuwa wapole kupita kiasi, wakaandika "gharama zitashughulikiwa". Hakuna anayejua maana yake. Mmoja atasoma nauli, mwingine posho ya siku, wa tatu atadhani atalala hotelini. Siku ya warsha wote watatu watakuwa mbele ya meza ya usajili wakimtazama karani mmoja. Kama posho haipo, sema haipo. Watu hukasirishwa zaidi na kufichwa kuliko kunyimwa, na afadhali asiyetaka kuja akae nyumbani kuliko aje akalalamike hadi saa tisa na nusu. Kama ipo, taja kiasi na namna ya kulipwa. Nauli ya pikipiki haina risiti, kwa hiyo kudai "risiti halisi" katika Ndhiwa ni kuomba uongo; ndiyo sababu barua imetumia viwango vya wadi, vilivyokubaliwa mapema na mhasibu. Na malipo ya M-Pesa yana mtego wake: jina kwenye orodha ya mahudhurio lisipolingana na jina la laini ya simu, mhasibu atayasimamisha. Kwenye kuthibitisha, omba namba iliyosajiliwa kwa jina la mshiriki mwenyewe, na uwaambie kwa nini unaiomba. Orodha hiyo yenye namba za simu na za vitambulisho isibandikwe ukutani wala kurushwa kwenye kundi.

Chakula kimetajwa kwa maneno machache, "chakula usichokula", bila kumtaka mtu aeleze dini wala ugonjwa wake. Hilo linatosha. Mpishi anayejua mapema hatapika kambare pekee kwa ukumbi wenye Wasabato, ambao hawali samaki wasio na magamba, wala hatamwachia Mwislamu mboga tupu. Mama anayenyonyesha naye amepewa nafasi ya kusema kabla hajafika, badala ya kumwacha mtoto na maziwa ya chupa au kukaa nje ya mlango siku nzima. Mwandalizi lazima basi awe na chumba na kiti. Usiulize jambo ambalo huna nia ya kulishughulikia.

Sasa ulegevu na ukali. Barua ile ya kwanza ilisema "bila kukosa", na wengine huongeza tishio la hatua za kinidhamu. Nadhani hofu ya mwandishi ndiyo inayoongea hapo: hana uhakika kama warsha yake inastahili, kwa hiyo anakopa nguvu ya cheo. Upande mwingine, kuandika "ukipata nafasi" kwa jambo ambalo ni la lazima si ukarimu, ni kumtega mtu. Barua yetu imesema wazi kwamba siku hiyo ni ya kazi na itahesabiwa hivyo, ikaomba mtu abaki hadi mwisho, ikatoa sababu. Mtu mzima akipewa sababu hahitaji kupigiwa kelele. Ile sentensi ya "ndiwe unayejaza sajili" nayo isiwe pambo: ikiwa katika kituo fulani anayejaza ni mwingine, barua iandikwe kwake, la sivyo utapata ukumbi uliojaa watu wanaokuja kwa niaba.

Lugha ya barua iamuliwe na wanaoisoma. Ofisi nyingi hapa huandika Kiingereza kwa mazoea, ingawa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa wauguzi, yoyote kati ya hizo mbili itaeleweka. Lakini ukialika pia wahudumu wa usafi, walinzi au wahamasishaji wa afya ya jamii, Kiswahili rahisi kitawafikia wengi zaidi, na atakayepokea simu za kuthibitisha awe tayari kujibu kwa Dholuo.

Barua haitatosha peke yake. Itapigwa picha, picha itasambazwa, na ikifika kwenye simu ya tatu herufi zimekuwa ukungu. Kwa hiyo andaa pia ujumbe mfupi wenye mambo ya lazima tu. Ujumbe wa kawaida wa simu una nafasi ya herufi 160, na huu unaingia:

"Warsha ya MOH 711, Ndhiwa, Jumatano 18 Nov au Alhamisi 19 Nov, saa mbili asubuhi. Njoo na nakala za ripoti. Jibu JUMATANO au ALHAMISI kufikia 9 Nov."

Utume siku moja na barua, na tena siku mbili kabla ya warsha kwa waliothibitisha, safari hii ukiongeza jina la ukumbi. Tarehe 9 jioni hesabu majibu kwa kituo, usihesabu kwa watu. Watu 30 waliothibitisha wanaonekana wengi hadi ugundue kwamba wauguzi wote wawili wa zahanati moja wamechagua Jumatano. Hapo piga simu kwa mkuu wa kituo, umwombe mmoja ahamie Alhamisi. Kituo kilichonyamaza kabisa pia kipigiwe simu, usikitumie barua ya pili yenye neno "KUMBUSHO" kwa herufi kubwa. Mara nyingi sababu ni kwamba barua ililala kwenye droo au aliyetajwa alishahamishwa.

Ikibidi kuahirisha, kwa mfano mvua ya usiku imekata njia, taarifa itoke kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu wa mbali wanakuwa njiani muda mfupi baadaye. Wapigiwe simu kwanza wale wa wadi za mbali, ujumbe kwa wengine ufuate, na ujumbe wenyewe utaje tarehe mpya au useme itatolewa lini. Aliyekwisha kufika alipwe nauli yake ya kwenda na kurudi kama kawaida, na apewe chai, maana kuna uwezekano imekwisha kupikwa.